Marehemu Yupo Hewani

Rafiki yetu tulimzika Machi, lakini katika kundi letu la kikoba anaendelea kudaiwa. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina anabandika orodha ya wasiolipa, na jina lake liko namba tatu. Msimamizi wa kundi hathubutu kumtoa, kwa kuwa WhatsApp itatangaza kwa wote nani kamwondoa nani. Nani atake kuonekana kamzika mtu mara ya pili?

Mimi nilijiona mstaarabu: namba nikaiacha, mazungumzo yetu nikayaweka kwenye kumbukumbu. Nikasahau kwamba jina nimeliandika mimi, ila namba ni ya kampuni ya simu, na laini isiyotumika muda mrefu huuzwa tena. Basi juzi jina la marehemu likatokea hewani, na picha mpya: kijana ameegemea bodaboda, miwani ya jua usoni. Nikasoma Yasini kwanza, kisha nikauliza, "Ni nani?"

"Wewe ndiye nani, mzee?"

Sasa nimeyahifadhi mazungumzo yangu na marehemu kwenye faili, zikiwemo sauti zake za kuomba mkopo, na namba nimeifuta. Ningeiacha, siku moja ningemtumia mjane rambirambi kwa namba ya mumewe, nikabonyeza namba ya siri bila kusoma jina la mpokeaji, nikamjazia kijana petroli.

Kwenye kikoba marehemu bado anadaiwa. Safari hii na faini.