Hesabu za Kijana wa Mikopo

Kijana mmoja wa benki hapa Nairobi ameapa sitakula chakula cha mchana kwa amani. Nikigusa tu ugali, simu inalia. "Mzee wangu, hamishia kwetu mkopo wa nyumba! Huko unalipa 63,535 kwa mwezi, kwetu ni 46,863. Gharama za kuhama zinarudi ndani ya mwaka mmoja tu!"

Haya. Nikavaa miwani, nikaweka taarifa ya mkopo wangu kando ya barua yake. Salio milioni 4, riba asilimia 15, imebaki miaka 12. Lakini rejesho lenyewe ni 60,035. Zile 3,500 za juu ni bima. Barua ya kijana haitaji bima hata kwa herufi ndogo, kana kwamba kwao nyumba haziungui.

Gharama je? Benki yangu inanitoza asilimia 2 kwa kosa la kulipa deni mapema, yaani 80,000. Benki yake inataka 40,000 za maombi. Wakili wa kufuta rehani ya zamani na kusajili mpya, 60,000. Mthamini 20,000, aje kuniambia nyumba yangu ina paa. Serikali nayo 4,000 za ushuru wa stempu. Jumla 204,000.

Ukiigawa jumla hiyo kwa unachookoa kila mwezi, unapata miezi ya kurudisha gharama. Bima ikikaa pembeni, naokoa 13,172, kwa hiyo ni miezi 16. Si mbaya, nikaanza hata kutabasamu.

Kisha nikafungua ukurasa wa pili. Miaka 20! Kumbe unafuu mwingi hautoki kwenye riba yake ya asilimia 13. Deni limevutwa tu. Kwangu nimebakiza kulipa kama milioni 8.6. Kwake ningelipa milioni 11.2, na rejesho la mwisho huenda likatolewa na wajukuu. Nikapiga hesabu upya kwa miaka ileile 12: rejesho 54,985, naokoa 5,050 tu. Gawanya tena: miezi 41. Tena hapo riba yake isipande, nayo barua inasema inaweza kupanda wakati wowote.

Mama watoto akachungulia karatasi. "Si tulikubaliana kitinda mimba akimaliza sekondari tunauza, tunarudi Taita?" Hiyo ni miaka mitatu, miezi 36. Ningehama nyumba kabla gharama za kuhama benki hazijarudi.

Barua sikuitupa. Nikaipeleka kwa meneja wa benki yangu, nikaiweka mezani bila neno. Akaisoma, akaguna, akashusha riba hadi asilimia 14. Rejesho likawa 57,485, bila wakili wala mthamini. Nimefurahi, ndiyo. Ila hiyo asilimia moja, miaka yote hii ilikuwa imelala wapi?