Rula, Simu na Saa Sita Zilizopotea

Kazi yangu hapa Garsen ni kupiga video za harusi. Kwa hiyo viongozi wa kikundi kimoja cha vijana waliponijia likizo ya Agosti wakitaka video ya dakika nne ya kuwafunza vijana kulala, niliona wamefika kwa fundi mwenyewe. Nani amewahi kuona watu wengi waliolala wakiwa wameketi, sahani ya pilau mapajani, kuliko mpiga video wa harusi? Nikakubali kabla ya kuuliza malipo. Usiku huohuo nikaketi na birika la chai ya rangi, nikaandika mswada wa tabia njema za usingizi hadi saa tisa usiku. Mke wangu alitoka kunywa maji, akasoma kichwa cha mswada juu ya bega langu, akarudi kulala bila kusema neno. Angesema ningejitetea.

Mswada wa video huandikwa kwa safu mbili: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Msimulizi asiyekimbizwa husema maneno yapata 130 kwa dakika, kwa hivyo dakika nne hazibebi zaidi ya maneno 520. Safu yangu ya kulia ilikuwa na maneno 1,100. Safu ya kushoto ilikuwa na neno moja: “Mimi.”

Nilifungua na kisa cha Randy Gardner, kijana wa miaka 17 wa San Diego, Marekani, ambaye Desemba 1963 hadi Januari 1964 alikaa macho saa 264, yaani siku kumi na moja, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Niliona huo ndio ufunguzi wa kumnasa kijana. Nikamsomea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 15. Akasikiliza hadi mwisho, macho yakimng'aa.

“Mjomba, na mimi nikianza leo?”

Nikafuta ukurasa mzima. Ukitaka kumfundisha kijana kulala, usianze kwa kumwonyesha bingwa wa kutolala. Nilibakiza sentensi moja tu, kwamba Gardner alipoachiwa alilala takriban saa 14 mfululizo, kisha nayo nikaiondoa, maana ilisikika kama zawadi ya mshindi.

Mpwa wangu ndiye aliyetoa wazo la jaribio. “Usituambie,” alisema, “tufanyie kitu tuone.” Basi tukapanga wiki moja, vijana wanne. Siku tatu za kwanza kila mmoja alale anavyolala siku zote, ili tupate cha kulinganishia. Siku nne zinazofuata, simu itoke chumbani saa tatu na nusu usiku, na kila mmoja ajichagulie saa ya kuamka asiyoibadilisha, hata Jumapili. Nilisisitiza saa ya kuamka kwa sababu usingizi hauamrishwi, kuamka kunaamrishwa. Mwili wa kijana huchelewa kutoa melatonini, ile homoni inayouambia kwamba usiku umeingia, kwa hiyo ukimlaza saa mbili atatazama dari tu. Lakini akitoka nje kila siku saa ileile akapigwa na mwanga wa asubuhi, saa ya mwilini husogea mapema kidogo kidogo. Sisi wa Tana tuna bahati: tuko karibu na ikweta, na jua letu huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima.

Kupima tulitumia rula ya sentimita 30. Mmoja huishika juu na kuining'iniza. Mwenzake huweka kidole gumba na cha shahada wazi kwenye sifuri. Rula huachiwa bila kuonya. Ukiidaka kwenye sentimita 20 umechukua kama sekunde 0.20, kwenye 15, kama 0.17. Hudakwa mara tano, matokeo yakapangwa kutoka dogo hadi kubwa, likachukuliwa la katikati, kwa sababu kila mtu ana mdako mmoja wa bahati na mmoja wa aibu. Asiyelala vizuri hukawia. Ni kipimo cha shilingi chache, na kwenye kamera kinapendeza kuliko mimi.

Asubuhi ya kwanza nilimpima mpwa wangu angali ndani ya chandarua. Rula ikaanguka. Ya pili ikaanguka. Ya tatu ikamgonga kwenye pua, akaidaka baadaye kwa hasira. Nikaandika kwa furaha, “Athari za kukosa usingizi!” Kumbe hata mtu aliyelala kwa muda wa saa tisa, ukimpima dakika anayofumbua macho, atakudondoshea rula: ubongo huamka kwa zamu, na mang'amung'amu yale huweza kuchukua nusu saa kuisha. Tukahamisha kipimo hadi nusu saa baada ya kuamka, na kabla ya chai, maana chai ingedaka rula kwa niaba yake.

Siku ya pili alidaka kwenye 22. Ya tatu kwenye 17. Matokeo mazuri, isipokuwa kwamba usiku ule wa katikati alilala saa nane akitazama mpira wa marudio. Wenzake nao vivyo hivyo: usingizi haujaguswa, vidole vinazidi wepesi. Ndipo nikaelewa kwamba tulikuwa tunapima mazoezi ya kudaka rula. Ilitakiwa kila mtu adake mara ishirini hivi jioni ya kabla ya jaribio, mpaka namba ziache kushuka, ndipo hesabu ianze. Mimi nilikuwa nimeshaandika mwisho wa mswada, na nimeshaurekodi: “Rula imesema ukweli!” Rula ilikuwa imesema kitu, ila hatukuwa tumeiuliza swali hilo.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa kwenye daftari. Kila asubuhi kijana alijaza karatasi fupi, na swali la kwanza nililiandika kwa Kiswahili safi: “Ulilala saa ngapi?” Mpwa wangu aliwahi kunishauri niandike “masaa mangapi” pale ninapotaka jumla. Nikamkemea. Mwalimu wangu wa darasa la saba alitufundisha kwamba wingi wa saa ni saa, na sikukusudia kumsaliti kwa ajili ya video. Basi binti wa jirani akaandika “7”. Je, alilala kwa muda wa saa saba, au alilala saa saba usiku? Nilipomuuliza alifikiri sana, akasema, “Vyote, mjomba.”

Baya zaidi lilitoka kwa kijana anayemsaidia mama yake kukaanga mahamri. Karatasi yake: kulala 4, kuamka 5. Nikahesabu kwa vidole: saa 13. Nikafurahi! Wataalamu wa Marekani wa tiba ya usingizi walitamka mwaka 2016 kwamba wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10, na huyu wetu amevuka mpaka. Nikamwandikia mstari wake kwenye mswada, na picha akinyoosha mikono kama mtu aliyeshiba usingizi. Tatizo ni kwamba nilikuwa nanunua mahamri kwao kila alfajiri, na ni yeye aliyekuwa ananifungia, macho mekundu kama pilipili.

Nilikesha na karatasi zile. (Ndiyo, najua.) Ile “4” ilikuwa saa nne usiku, saa yetu. Ile “5” aliisoma kwenye simu iliyomwamsha: 5:00, yaani saa kumi na moja alfajiri. Alilala kwa muda wa saa saba. Wa tatu alifanya kinyume: 10 ya simu, kisha 11 ya mdomoni, naye akatokea na saa 13. Ajabu ni kwamba mtu akitumia saa moja tu, yoyote, jumla haikosei: kutoka nne hadi kumi na moja ni saba, na kutoka 10 hadi 5 ni saba. Kosa huzaliwa pale zinapochanganywa, na huwa ni saa sita kamili, si tano na nusu. Ukiona kwenye daftari mtu aliyelala saa 13 jana na saba leo, usimwite daktari. Muulize alitazama nini. Nikachora upya karatasi, nikaweka picha ya mwezi, picha ya jua, na duara la saa lisilo na namba wachore mishale wenyewe. Na chini nikaandika, nikiomba radhi kimoyomoyo kwa mwalimu, “masaa mangapi?”

Siku nne za mwisho simu zilitoka chumbani. Ya mpwa wangu ilikabidhiwa kwa bibi yake, mama yangu, ambaye usiku wa kwanza aligundua ina salio na akaongea na dada yake wa Hola hadi saa tano, kwa sauti ya mtu anayeongea na Hola bila simu. Kijana hakulala. Lakini usiku wa tano wote wanne walilala mapema mno, na jumla zikapanda kwa kupendeza. Nilikuwa nimeshaandika “Nguvu ya kuweka simu mbali” nilipokumbuka kwamba usiku ule stima ilikatika mji mzima tangu magharibi hadi alfajiri. Hakukuwa na televisheni, taa, wala mpira wa marudio. Hata mimi nililala. Tulidhani tunapima simu, kumbe tunapima stima. Usiku wa sita kukawa na harusi mtaani, nami ndiye niliyekuwa napiga video. Vijana wangu watatu kati ya wanne wanaonekana kwenye picha, saa saba usiku, wakicheza.

Kwa hivyo mswada wa mwisho ulikuwa na maneno 480. Unaonyesha rula, karatasi zenye saa 13, bibi na simu, na dakika nzima ya giza la stima huku msimulizi akisema kwamba usiku mmoja hauwezi kumjibia mtu, na kwamba anayetaka kujua afanye wiki mbili, abadilishe jambo moja tu, na aandike pembeni kila kilichotokea nje ya mpango. “Rula imesema ukweli!” ilibaki kama kichekesho. Binti wa jirani ndiye aliyeongeza kwamba yeye, kwa kuamka saa moja kila siku, Jumapili yake ya mwisho hakusinzia kanisani. Sikuweza kupima hilo, lakini mama yake alithibitisha.

Kiongozi wa kikundi akaniandikia ujumbe: “Tuonyeshe video kesho saa 2.” Nikafika saa mbili asubuhi na projekta begani. Mlango umefungwa. Nikapiga simu haikushikwa. Nikakaa kwenye benchi chini ya mwembe, usiku uliotangulia nikiwa nimekesha kuunganisha picha, na ule upepo wa mtoni ukaanza kuvuma.

Nilishtuliwa na mtu akinitikisa bega. Saa nane mchana kamili, vijana wamejaa uwanjani, wengine wamenipiga picha tayari. Mpwa wangu alikuwa amechuchumaa mbele yangu na karatasi na kalamu.

“Shikamoo mjomba. Umelala saa ngapi?”

“Kwa saa ipi?”