Mama wa Nkwenda na namba yangu

Laini yangu ya zamani niliiua mwenyewe. Msimu wa kahawa nilikuwa nikishinda Murongo, na kila mara simu ilidaka minara ya Uganda, nakaribishwa ugenini nami nimekaa Kyerwa. Nikanunua laini nyingine, ile ya kwanza nikaitupa kwenye droo.

Laini isipotumika kwa miezi kama mitatu hufungwa, kisha namba huuzwa upya, na mnunuzi huisajili kwa kidole chake na kitambulisho chake cha NIDA. Hakuna anayeiarifu barua pepe yako. Yangu iliendelea kuamini kwamba namba ile ni mimi.

Siku simu ilipotumbukia kwenye ndoo, nikanunua nyingine na nenosiri likanipotea kichwani. Nikabonyeza "Umesahau nenosiri?" Kioo kikajibu kwamba msimbo umetumwa kwenye namba inayoishia na 47. Nikapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Ya 47 haimo. Basi nikaipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikamwomba anisomee tarakimu 6 zilizoingia kwake sasa hivi. Nilipojisikiliza, nilifanana kabisa na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

"Mwanangu, redio imetukataza. Ukiutaka, njoo mwenyewe Nkwenda," akasema, akakata.

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Angetaka, yeye angeweza kubonyeza pale pale nilipobonyeza, msimbo ukamfikia mkononi, akabadili nenosiri, nami nikabaki nje ya nyumba yangu. Bahati yangu, hakujua anwani ya barua pepe yangu.

Kesho yake nikapanda gari kutoka Kayanga hadi Nkwenda, kilo mbili za sukari mapajani. Alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye unayedaiwa na fundi cherehani?"

"Ndiye."

"Na shemeji yako anataka baiskeli yake?"

"Ndiye huyo huyo, mama."

Hakuna kitambulisho ambacho kingenitambulisha vizuri zaidi. Mjukuu wake akaitwa kusoma. Pale pale, kwa haraka yangu, nikaomba msimbo mara tatu, yeye akanisomea wa kwanza, ukakataliwa. Ukiomba mpya, wa nyuma umekufa. Akasoma wa mwisho, mlango ukafunguka. Hata chai sikuigusa kabla ya kuingia kwenye mipangilio, kuifuta ya 47 na kuweka namba ninayoitumia.

Benki bado sijaenda, na huko pia nimeandikwa kwa ile ya 47. Jumatatu nitapanga foleni.

Wanaonidai nao, tafadhali mwacheni yule mama apumzike. Namba yangu mpya nitawapa nikishavuna.