Blanketi, Upepo na Kioo cha Mwenye Nyumba

Huruma ukifua blanketi, kufua ndiyo kazi rahisi. Kazi ni kupata mahali pa kulianika. Kamba zote za ghorofa yetu zilikuwa zimejaa nepi za jirani, na nepi zina heshima yake, haziondolewi na mtu mzima. Nikafungua dirisha, nikalitandaza blanketi juu ya ubawa wake wa chuma, likaning'inia nje ghorofa ya nne likichuruza maji kwa raha.

Dirisha lenyewe lilikuwa la vyuma, lile linalofunguka kwa nje kama mlango. Huwa lina mkono wenye matundu wa kulishikilia lisipigwe na upepo. Langu lilikuwa na mkono bila kile kijiti unachochomekwa, na tangu nihamie nilikuwa nikilifunga kwa kipande cha katani. Siku hiyo nilikuwa nimeifungua katani ili blanketi lipate nafasi. Upepo ulipotoka upande wa Mto Mathare, ukalijaza blanketi kama tanga, dirisha likajibamiza kwenye fremu, na kioo kikaondoka.

Chini kuna mama anayepika chapati. Vipande vililia juu ya mabati yake kama mvua ya mawe, na nilipofika ngazi ya mwisho alikuwa tayari ameshika karai la unga uliokandwa, ananingoja. Hakuna aliyekatwa, Mungu ni mkubwa. "Una uhakika hakuna kioo humu ndani?" aliniuliza. Sikuwa na uhakika. Unga ukamwagwa, nikalipa unga, mafuta na chumvi, na kwa vile foleni ya wateja ilikuwa inasikiliza, nikaomba radhi kwa sauti. Hiyo ilikuwa radhi rahisi. Ngumu ilikuwa ya mwenye nyumba.

Mwenye nyumba wetu tunamjua kwa namba ya simu na kwa hasira ya keateka. Jirani anayesomea sheria alinishauri ninyamaze kwanza, maana mkono wa dirisha ulikuwa mbovu kabla sijahamia, na ubovu wa uzee si wa mpangaji. Akanitajia Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ambayo hulinda nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tulicheka wote wawili. Kodi yangu ilishaivuka hiyo kabla ya kuongeza maji. Tena ukweli ni kwamba dirisha halikuanika blanketi, nililianika mimi. Nikaandika:

"Habari ya jioni, Mzee. Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya nne, upande wa barabara. Leo mchana nimevunja kioo kimoja cha dirisha kwa bahati mbaya. Nilianika blanketi hapo na upepo ukalibamiza dirisha. Hakuna aliyeumia. Naomba radhi. Nitaleta fundi na kulipa kioo, puti na kazi mwenyewe, bila kukata kwenye kodi wala kugusa dipoziti. Fremu haijapinda, ila mkono wa dirisha hauna kijiti tangu nihamie. Naomba ruhusa fundi aanze kesho. Picha ni hizi."

Nilijivunia meseji hiyo. Ilisema kimevunjika nini, kwa sababu gani, nani analipa, na ikachomeka habari ya kijiti bila kulalamika. Jibu lilikuja saa hiyo hiyo: "Na umevunja nini kingine?"

Kumbe kwa miaka yote aliyopangisha, hakuna mtu aliyewahi kumwambia atalipa kabla hajafokewa. Mpangaji anayejitolea ni mpangaji anayeficha choo. Akamtuma keateka akague nyumba nzima.

Hapo ndipo nilipokumbuka koili. Ploti yetu stima imo ndani ya kodi, na koili ya kupikia ni marufuku kuliko bangi. Yangu ilikuwa sakafuni, nyekundu, juu yake maharagwe. Keateka akibisha, niliing'oa kwenye soketi, nikaisukuma ikiwa ndani ya beseni chini ya kitanda. Akatazama dirisha kidogo, akafungua bomba, akavuta maji ya choo, kisha akasimama katikati ya nyumba akinusa.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni maharagwe ya jirani," nikasema.

"Jirani amesafiri tangu Ijumaa."

Beseni lilikuwa la plastiki. Sitaeleza zaidi. Tulielewana kwamba keateka ameona kioo tu, na maelewano hayo yalinigharimu kuliko dipoziti ya maji.

Fundi alikuja asubuhi na patasi, nyundo, brashi ya waya na futi ya chuma. Mimi nilikuwa nimeshapima sehemu iliyokuwa ikipitisha mwanga, nikataka nikimbie Kariobangi kununua. Akanizuia. Kioo hakipimwi pale mwanga unapoingia. Hupimwa ndani ya kile kidaraja cha chuma kinacholaliwa na kioo, na hicho hakionekani mpaka puti ya zamani itolewe. Puti yetu ilikuwa imekuwa jiwe, akaitoa kipande kwa kipande, kisha akasugua kutu na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Akapima upana juu, katikati na chini. Juu inchi 18, chini 18 kasoro kidogo, maana jengo linakaa linavyotaka. Akachukua kile kipimo kidogo, akapunguza tena kama milimita 3. Kioo kikibana chuma, siku jua likikipasha au dirisha likitikisika, kitapasuka chenyewe na utalaumiwa mara ya pili.

Kioo kilipokatwa, nilikibeba kwa miguu, kimesimama kwa ubavu, kimefungwa magazeti. Makanga wa matatu ya kwanza aliniangalia, akapiga mlango, gari likaondoka. Nilimwelewa.

Kisha ikaja sehemu ambayo sikuijua. Puti ya madirisha haya hupakwa kwa nje. Fundi alikanda puti mpaka ikaacha kushika vidole, akalaza utando mwembamba ndani ya fremu ili kioo kisikae juu ya chuma kikavu, kisha akakaa kwenye kizingiti cha dirisha, miguu ndani, mgongo hewani. "Shika mshipi," akaniambia. Nikashika. Akapachika kioo, akakikandamiza pembeni, si katikati, akakizungushia puti ya juu na kuikata mshazari kwa kisu ili maji ya mvua yateleze. Mama wa chapati, huko chini, alikuwa amefunika karai lake kwa mwavuli.

Akaniachia maagizo: nisibamize dirisha, na nisipake rangi mpaka puti ijishike, wiki moja au mbili. Kijiti cha mkono alikitengeneza kwa msumari uliopindwa, bure. Nikapiga picha ya kioo na ya risiti, nikamtumia Mzee. Akajibu "Sawa," neno ambalo kwake ni sherehe.

Sikujua kwamba meseji yangu ya kwanza aliisambaza kwenye kundi la WhatsApp la ploti, na chini yake akaandika kwamba kila mwenye kioo kilichovunjika afanye kama huyu. Ghorofa ya pili kuna dirisha lililozibwa kwa katoni ya sabuni tangu kabla sijazaliwa kwenye ploti hiyo. Nilichukiwa kwa siku kadhaa. Nilisalimiwa kwa pua.

Kisha wakaanza kuja mmoja mmoja usiku kuomba wanakili meseji, kwa kuwa ilikuwa imepita. Wakabadilisha ghorofa, wakaacha mengine yote. Mzee akapokea radhi kutoka kila upande wa jengo, na kila moja ilisema blanketi na upepo, hata ile ya chumba cha chini ambacho dirisha lake linaangalia ukuta.

Mwisho wa mwezi, karibu na mita za maji, keateka alibandika tangazo: NI MARUFUKU KUFUA BLANKETI KATIKA PLOTI HII.