Waraka kwa Mwekezaji Wetu Mwenye Subira

Ndugu Mwekezaji,

Hapa Mwanza tumeusoma mkataba wako mara nyingi kuliko ulivyotarajia, na kwa heshima zote nakuletea hesabu ndogo.

Biashara yetu ya kukodisha majokofu ya sola kwa wauza samaki itakula fedha kabla ya kuzaa: jokofu tunalinunua leo, mteja analilipia kidogo kidogo. Hilo umelielewa. Mwaka wa tano tunakadiria faida ya shilingi bilioni 2, nawe ukaizidisha mara 10 na kusema kampuni itauzika kwa bilioni 20. Kisha ukadai fedha yako ikue kwa asilimia 50 kila mwaka, kwa kuwa kampuni changa nyingi hufa. Haki yako. Kwa kiwango hicho, shilingi 1 ya leo lazima iwe 7.6 baada ya miaka mitano. Bilioni 1 yako itadai bilioni 7.6 kati ya 20, ndiyo asilimia 38 ya hisa. Hesabu safi, wala sina neno.

Ila bilioni hiyo huileti yote. Unaleta milioni 400 sasa, na milioni 600 baada ya miezi 18, tena tukifikisha idadi ya wateja uliyoipanga. Tusipofikisha, unabaki nazo. Hisa, hata hivyo, unazitaka zote leo. Yaani milioni 600 zitalala benki kwako, zikipata riba ya huko, huku zikikua kwetu kwa asilimia 50. Nakupongeza: sijawahi kuona fedha yenye bidii kiasi hicho.

Tutumie kiwango chako hichohicho. Milioni 400 zinakaa kwetu miaka mitano, zinastahili asilimia 15.2. Milioni 600 zinakaa miaka mitatu na nusu, kila shilingi inadai 4.13, hivyo zinastahili asilimia 12.4. Jumla ni 27.6, si 38. Pengo hilo, siku ya kuuza, ni takriban bilioni 2. Na sijagusa jambo la pili: ukileta awamu ya pili, tayari utakuwa umeona kama wateja wanalipa. Hatari imepungua, kiwango kimebaki palepale.

Nikiri upande wako una hoja. Ile mara 10 ni makisio tu. Ikiwa 8, kampuni itauzika kwa bilioni 16, na stahiki yako itapanda hadi 34.5. Tujadili hiyo basi, kwa kuangalia kampuni za aina yetu zilizouzwa kweli. Usiifiche ndani ya tarehe za malipo.

Ombi letu ni hili: hisa za awamu ya pili zitolewe siku fedha itakapoingia. Kama 38 haipungui, lete bilioni yote Jumatatu. Kalamu tutakuwa nayo.

Wako mtiifu,
Mhasibu wa kampuni