Jinsi ya Kusoma Chati ya Ofisi Kabla Haijakusoma Wewe

Kwanza, simama mbele ya ile karatasi iliyobandikwa ukutani, ile yenye visanduku na mistari, na usianze na kisanduku cha juu. Kila mgeni huanzia hapo, anasoma jina la mkurugenzi ambaye tayari anamjua, anatikisa kichwa na kwenda zake. Anza chini kulia, penye maandishi madogo. Hapo ndipo huandikwa tarehe. Kama tarehe ni ya miaka mitatu iliyopita, unachosoma ni historia ya kampuni, na meneja aliyechorwa pale huenda sasa ana duka lake Mlowo. Kama hakuna tarehe kabisa, uliza ni nani kati ya waliotajwa bado yupo kazini, kisha uanze kusoma.

Tuchukue kampuni ya mfano. Inauza pembejeo, ina watu 11, ofisi kuu iko Tunduma na tawi liko Chitete. Tunduma wako wanne: mkurugenzi, mhasibu, afisa ununuzi na katibu muhtasi. Chitete wako saba: meneja wa tawi, mtunza ghala, keshia, wauzaji wawili, dereva na mlinzi. Kwenye chati, mkurugenzi yuko juu, na chini yake wamepangwa mhasibu, afisa ununuzi na meneja wa tawi. Katibu muhtasi ametokeza pembeni kwa kimstari kifupi cha mlalo. Hayo ya pembeni wengi huyasoma vibaya. Wanadhani kwa kuwa kisanduku chake kiko juu ya kile cha meneja, basi anamwamuru meneja. La. Kisanduku cha pembeni humsaidia mkubwa wake na hakina mtu chini yake. Akikupigia simu kukuambia "bosi anataka taarifa ya mauzo", amri ni ya bosi. Akisema "mimi nataka", unaruhusiwa kumuuliza meneja wako.

Vilevile visanduku vitatu vilivyo mstari mmoja havimaanishi watu watatu wa cheo sawa wala mshahara sawa. Vinamaanisha kitu kimoja tu: wote watatu wanaripoti kwa mtu yuleyule. Mchoraji alikuwa na karatasi ya A4 na nafasi haikumtosha, basi wakati mwingine hata hilo limepinda.

Sasa njoo kwenye mistari, maana utamu na ugomvi wote uko hapo. Kutoka kwa keshia wa Chitete unapanda mstari mzito hadi kwa meneja wa tawi. Kutoka kwa keshia huyohuyo unatoka mstari wa vitone, unavuka karatasi nzima hadi kwa mhasibu wa Tunduma. Mgeni atasema keshia ana mabosi wawili. Keshia mwenyewe atasema hivyohivyo, tena kwa uchungu. Lakini kila mstari una mambo yake. Mstari mzito unahusu kazi ya kila siku: unaingia saa ngapi, nani anakuruhusu kwenda likizo, nani anakupima mwisho wa mwaka. Mstari wa vitone unahusu namna kazi ile inavyofanywa kitaalamu: stakabadhi zinaandikwaje, fedha zinapelekwa benki lini, nani anaruhusiwa kutoa mali bila malipo.

Uone inavyofanya kazi. Ni Novemba, mvua zinakaribia, na mkulima mkubwa anayefahamika sana anataka mifuko 40 ya mbolea ya kupandia, kilo 50 kila mmoja, atalipa akivuna. Meneja wa tawi anamwambia keshia aandike, mzigo utoke. Mhasibu kwa simu anasema hakuna mkopo usioandikiwa idhini Tunduma. Hapa cheo hakiamui. Aina ya jambo ndiyo inayoamua. Je, kukopesha ni ratiba ya tawi au ni kanuni ya fedha? Ni kanuni ya fedha, kwa hiyo linafuata vitone. Keshia anasubiri idhini, na meneja, kama anaona biashara inapotea, anampigia mkurugenzi, kwa sababu yeye na mhasibu wanakutana kwa mtu huyo. Ndiyo kanuni ya kusoma ugomvi wowote kwenye chati: weka kidole kwa kila mgomvi, panda na mistari yao, na pale vidole vinapokutana ndipo penye mwamuzi. Mara nyingi watu wa tawi hupeleka ugomvi kwa aliye karibu badala ya aliye kwenye makutano, na jambo linakaa wiki mbili.

Ukitaka kuona jinsi mstari unavyoweza kulinda fedha, tazama muundo wa halmashauri zetu, ikiwemo ya Momba ambayo makao yake makuu yako hapahapa Chitete. Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani hakiwekwi chini ya wahasibu. Kinaripoti moja kwa moja kwa mkurugenzi. Sababu ni nyepesi. Huwezi kumkagua vizuri mtu anayesaini likizo yako. Kampuni ndogo haina mkaguzi, kwa hiyo ulinzi wake wote uko kwenye kutenganisha watatu: anayeuza, anayeshika fedha na anayetunza ghala.

Basi kagua majina, si vyeo. Jina moja likitokea kwenye visanduku viwili, simama. Dereva kuwa pia msambazaji, hakuna shida. Keshia kuwa pia mtunza ghala ni shida kubwa, hata akiwa mtu mwaminifu kuliko wote mjini. Wakati mwingine dalili yake haipo ukutani. Ipo kwenye leja ya ghala. Fungua ukurasa wowote, tazama safu ya "ametoa" na safu ya "amepokea". Ukikuta sahihi ileile pande zote mbili, ule mkia mmoja mrefu ukirudiwa mstari kwa mstari, umeshajua kwamba chati ina watu wawili na ghala lina mmoja.

Bado kuna mtu ambaye hakuchorwa. Kampuni ndogo nyingi ni za familia, na huenda mke wa mkurugenzi au mdogo wake ndiye anayekaa na ufunguo wa sefu, au ni mmoja wa watia sahihi benki. Usimtafute kwa umbea. Uliza maswali matatu ya kazi: nani anaidhinisha likizo yangu, nani anasaini malipo, nani anaweza kubadilisha bei? Jibu likitaja jina lisilo kwenye chati, chukua penseli, ongeza kisanduku kwenye nakala yako, na uvute mstari.

Mwisho, linganisha chati na mkataba wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo maelezo ya kazi yako na mahali unapofanyia. Kama karatasi ya kazi inasema unaripoti kwa meneja wa tawi na chati inakuonyesha chini ya afisa ununuzi, usichague unayempenda. Mwandikie mkurugenzi mistari miwili, umwombe ajibu kwa maandishi, na ufanye hivyo wiki ya kwanza, kabla lori la kwanza halijafika kupakua.