Asilimia 44, Hongera Sana

Ofisa masoko akirusha picha ya skrini ya ripoti kwenye kundi la ofisi, tazama kwanza alipoikata. Juu panang'aa "Waliofungua: 44%". Chini, wanapokaa waliobofya na waliojiondoa, mkasi umeshapita.

Tuseme ni duka la mbegu, na kila kichwa cha barua pepe kimetumwa kwa watu 2,000. Cha kwanza kilisema "Umesahau kitu?": wakafungua 880, wakabofya 18, wakajiondoa 26. Cha pili kilisema "Bei mpya za mbegu za mahindi": wakafungua 480 tu, lakini wakabofya 96, wakajiondoa 2. Makofi yakapigiwa cha kwanza, kile kilichofukuza watu wengi kuliko kiliowaingiza dukani. (Bosi naye alifungua, maskini, akidhani kweli kasahau kitu.)

Na hao 880 wenyewe si wa kuapia. Ufunguaji huhesabiwa kwa kijipicha kisichoonekana, kinachopakuliwa barua inapofunguliwa. Tangu 2021, programu ya barua ya Apple, mtu akiwasha ulinzi wake wa faragha, huweza kukipakua yenyewe hata kama mwenye simu hajaigusa barua. Yeye anakoroma, ripoti inamwandika msomaji mwaminifu.

Kwa hiyo picha ikija, usibishane. Pongeza, kisha mwombe mheshimiwa ateremshe ukurasa kidogo apige nyingine. Utaambiwa mtandao unasumbua.